Herufi Moja, Nchi Mbili: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Leseni Ugenini

Nimeendesha gari Bariadi kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nilidhani leseni ni leseni tu, ukiwa nayo mfukoni umemaliza. Safari moja ya Kisumu, ajali ya mgeni wangu na mkasa wa shemeji yangu aliyeko Uingereza vilinifungua macho. Naviandika kwa sababu kila mwaka naona wageni wakishuka Lamadi kuelekea Bariadi, na vijana wetu wakiondoka, na makosa ni yaleyale.

1. Soma herufi ya daraja kwa macho ya nchi unayokwenda.

Tulitoka Bariadi alfajiri, tukashika Lamadi, Bunda, Tarime hadi Sirari. Mpakani mambo yalikwenda vizuri: pasi za kusafiria, kadi ya gari, na Kadi ya Njano, ile bima inayotambulika hata ng'ambo ya mpaka. Tukaingia Isebania. Kabla ya Migori askari wa barabarani akatusimamisha na kuomba leseni. Akaitazama mbele na nyuma, kisha akauliza kwa upole, "Mzee, wewe ni dereva wa matatu?"

Sikumwelewa. Leseni yangu ni ya daraja D, na kwetu Tanzania D ndiyo ya mtu anayeendesha gari lake dogo la kawaida. Haikupi ruhusa ya pikipiki, wala ya gari la abiria wa kulipa. Magari ya abiria kwetu yako kwenye C na matawi yake: C1, C2 na C3, kwa kufuata idadi ya watu. Kenya mpangilio ni mwingine. Gari dogo liko kwenye B, na D ndiyo ya magari ya abiria, kuanzia matatu hadi basi kubwa. Kwa hiyo askari yule, akisoma kwa mazoea ya kwao, aliona dereva wa abiria anayeendesha gari la familia. Nilimwonyesha maelezo ya madaraja yaliyo nyuma ya kadi, akaelewa, tukaagana vizuri. Leseni ya Tanzania inakubalika Kenya. Kilichotuchelewesha ni herufi.

Kwenye kibali cha kimataifa, kile watu wanachokiita leseni ya kimataifa, D ni gari lenye viti vya abiria zaidi ya vinane bila kuhesabu cha dereva, yaani basi. Gari dogo ni B. Mtanzania mwenye D peke yake akimkabidhi kadi yake karani wa kukodisha magari huko Ulaya, karani anaona leseni ya basi isiyo na B ya gari dogo. Anaweza kukataa, na kwa alichokisoma hana kosa.

2. Kibali cha kimataifa ni tafsiri.

Baada ya safari ile ndipo nilipoelewa kazi ya kile kijitabu. Kwetu kinatolewa na AA Tanzania, Dar es Salaam, baada ya kuona leseni yako halali. Ndani yake maelezo yako yameandikwa kwa lugha kadhaa, na kuna ukurasa wenye orodha ya aina za magari ambapo hugongwa mhuri kwenye zile unazoruhusiwa. Nilipochukua changu, mhuri wangu ulikaa kwenye B. Hapo D ya Bariadi ilikuwa imetafsiriwa sawasawa.

Kwa kuwa ni tafsiri, hakisimami peke yake. Ukikamatwa na kijitabu bila kadi yako halisi, huna leseni. Kadi ikiisha muda, kijitabu nacho kimekufa, hata kama tarehe yake bado. Kile kinachofuata Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 hudumu mwaka 1. Kile cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 hakizidi miaka 3. Tena hutolewa na nchi iliyokupa leseni. Mjerumani aliyekwisha kufika Bariadi hawezi kukipata Dar es Salaam kwa leseni ya Ujerumani. Alipaswa kukichukua kabla ya kupanda ndege. Wale wanaouza mtandaoni "leseni ya kimataifa" ya miaka 10 au 20 wanauza karatasi tu.

3. Mgeni asipande pikipiki kwa leseni ya gari.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Dada mmoja kutoka Ujerumani alifikia kwetu kwa miezi kadhaa. Alikuwa mchangamfu, alikwisha kujua kumwamkia kila mtu "mwangaluka". Leseni yake ilikuwa ya B, na kijitabu cha kimataifa alikuwa nacho. Akaazimwa pikipiki ya cc 150 kwenda Lagangabilili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na anayeujua udongo mweusi wa mbuga zetu anajua unavyoshika tairi. Pikipiki iliteleza, akavunjika mfupa wa bega.

Alitibiwa, akapona. Kisha akadai fidia kwenye bima yake ya safari, nao wakaomba nakala ya leseni, pande zote mbili. Nyuma ya kadi za Ulaya kuna safu zenye picha ndogo za vyombo: pale mtu anaporuhusiwa huwekwa tarehe, pale asiporuhusiwa huwekwa vistari. Kwenye pikipiki za A1, A2 na A palikuwa na vistari. Leseni ya B ya kwao inaruhusu kipikipiki kidogo cha cc 50 tu. Hata A1 yao inaishia cc 125, na pikipiki zetu nyingi zimeipita. Dai likakataliwa.

Kijitabu hakikumsaidia kwa sababu hakiongezi daraja ambalo kadi haina. Tangu siku ile, mgeni akiniomba pikipiki namwomba kwanza ageuze kadi yake tuisome pamoja. Pasipo na tarehe kwenye safu ya pikipiki, namtafutia bodaboda mwenye leseni, au tunakwenda kwa gari.

4. Kutembelea si kuhamia.

Shemeji yangu alihamia Uingereza na leseni ya Tanzania. Kule anayehamia na leseni kama yetu anaendesha kwa miezi 12 tangu awe mkazi. Mwezi wa kumi alirudi Maswa kwa msiba, akakaa wiki tatu, akaamini kwamba akiingia tena hesabu inaanza upya. Haianzi. Aliendelea kuendesha mwezi wa 13 na wa 14 bila kujua kwamba hana leseni, na kwa hiyo bima yake haikuwa na nguvu.

Kadi za Afrika Kusini na Zimbabwe hubadilishwa kule bila mtihani. Ya Tanzania haimo kwenye orodha hiyo. Ilimbidi aombe leseni ya kujifunzia, afanye mtihani wa maswali 50 ambao lazima upate 43, pamoja na ule wa kutambua hatari kwenye video, kisha wa barabarani. Kwa kuwa muda ulikwisha, wakati wote huo aliendesha na kibao cha L, akiwa na mtu mwenye leseni pembeni. Angeomba leseni ya kujifunzia na kufaulu ndani ya ule mwaka wa kwanza, asingekaa hata siku moja bila kuendesha mwenyewe.

Ndugu yangu unayejiandaa kuondoka Simiyu, au unayempokea mgeni wiki ijayo: leo jioni geuza kadi, usome upande wa nyuma.