Dondoo muhimu: Kumbukumbu za kuku na mbuzi kwenye simu

Jaza programu ukiwa bandani, siku ileile. Ukingoja jioni utaandika kwa kukisia.

1. Sajili kuku kwa kundi na tarehe ya kuanguliwa. Mbuzi mmoja mmoja, kwa namba ya hereni.
2. Chanjo ya mdondo ya I-2 hurudiwa kila miezi 3. Ukichanja tarehe 3 Januari, weka kikumbusho tarehe 27 Machi, si 3 Aprili, upate wiki ya kutafuta chanjo na kupatana na majirani mchanje pamoja.
3. Andika siku mbuzi alipopandwa. Hesabu siku 150 hivi hadi kuzaa.
4. Punguza idadi kwa waliouzwa, waliochinjwa na waliokufa. Vifo ndivyo husahaulika zaidi: simu inasoma 40, bandani wamo 31.
5. Tuma nakala kwenye barua pepe kila mwezi.