Majaribio kabla ya mkataba: vipimo viwe vya kuhesabika

Mteja mpya mwenye oda kubwa ni nadra kumpa mkataba wa mwaka muuzaji asiyemjua. Naye muuzaji hawezi kujishusha hadi bei ya hasara ili tu akubaliwe. Njia ya katikati ni kipindi cha majaribio: mzigo unapelekwa kwa muda mfupi, kwa vipimo vilivyoandikwa, na matokeo ndiyo yanayoamua kama mkataba utafuata. Vipimo vikiwa ni maneno kama "huduma nzuri", muuzaji hujikuta anahudumia kwa miezi bila mkataba wowote.

Chukulia muuzaji wa mayai wa Dar es Salaam anayekusanya mzigo kwa wafugaji wa Kibaha. Anataka kuiuzia hoteli trei 60 kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Majaribio ya wiki 4 yatakuwa safari 12, trei 720, sawa na mayai 21,600. Idadi hiyo iwe ileile itakayokuwa kwenye mkataba, na wafugaji wawe walewale. Anayejaribiwa kwa trei 15 hajathibitisha kwamba anaweza kupeleka 60.

VIPIMO VITATU

Kwa biashara hii vipimo vitatu vinatosha: mzigo kufika kabla ya saa 1:00 asubuhi, trei kutimia 60, na mayai yaliyopasuka kutozidi 18 kwa safari, ambayo ni moja kwa kila mayai 100.

Hapa ndipo wengi hunaswa na asilimia. Hoteli ikidai mzigo uwahi kwa asilimia 95, muuzaji huona ni sharti jepesi. Lakini asilimia 95 ya safari 12 ni safari 11.4. Akichelewa mara moja tu anabaki na safari 11, yaani asilimia 91.7, na ameshindwa. Sharti hilo kwa kweli linamtaka asichelewe hata siku moja. Katika kipindi kifupi ni heri kuandika idadi: "safari 11 kati ya 12".

Jambo la pili ni mahali pa kupimia. Gari linaweza kufika langoni saa 12:40, mtunza stoo akaja saa 2:00, na daftari likaonyesha mzigo umechelewa. Makubaliano yaseme kwamba saa inayohesabika ni ile iliyoandikwa na mlinzi langoni. Mayai nayo yakaguliwe trei kwa trei mbele ya dereva, waliopo watie saini hati ya makabidhiano, na nakala moja irudi na dereva. Yai litakalopasukia stoo baada ya saini ni la hoteli.

Kila Ijumaa pande mbili zilinganishe hati zao. Ikionekana kwamba mayai yaliyopasuka ni 25 kila Jumatatu lakini 10 siku nyingine, sababu itafutwe mapema: huenda mzigo wa Jumatatu hupangwa trei nyingi mno juu ya nyingine. Tatizo hilo likigunduliwa wiki ya 4, halirekebishiki tena.

MTEJA NAYE APIMWE

Tuseme trei moja inauzwa shilingi 8,000. Kwa wiki, mzigo ni wa shilingi 1,440,000. Hoteli ikilipa mwisho wa majaribio, muuzaji atakuwa ametoa mzigo wa shilingi 5,760,000 kabla ya kupokea hata senti, huku wafugaji wakidai fedha zao. Kwa hiyo kipimo cha nne kiwe cha mteja: ankara ya kila wiki ilipwe ndani ya siku 7. Hoteli ikichelewa mara mbili katika majaribio, muuzaji ajiulize mwaka mzima utakuwaje.

MWISHO WA MAJARIBIO

Kosa kubwa huwa katika sentensi ya mwisho ya barua: "Baada ya hapo tutazungumza." Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haiyatambui makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kubainika. Barua itaje siku ya kufanya uamuzi, bei na muda wa mkataba utakaofuata vipimo vikifikiwa, na kwamba bila uamuzi wa maandishi kufikia siku hiyo, mzigo unasimama. Sharti hilo ndilo linalozuia majaribio kurefushwa kila mwezi.

Hata hivyo, wiki 4 za Februari hazionyeshi hali ya Desemba, wala bei ya chakula cha kuku itakapopanda. Majaribio yanathibitisha uwezo wa kufikisha mzigo. Bei ya mwaka mzima inahitaji kifungu chake ndani ya mkataba, kitakachosema ni lini itapitiwa upya.