Barua ya Kuomba Kununua Nyumba: Sharti la Mkopo na Sharti la Ukaguzi

Mnunuzi wa nyumba Mombasa akishamaliza kuzungushwa vyumbani, aghalabu dalali humnong'oneza kuwa kuna mtu mwingine anakuja jioni, basi atoe chochote cha kuishikilia. Wengi hutoa. Wiki mbili baadaye benki inakataa mkopo, au fundi anapanda juu ya paa na kushuka na habari mbaya, na fedha ile inakuwa ugomvi: mnunuzi anaidai, muuzaji anasema ameshakataa wateja wengine, dalali hashiki simu.

Fedha haipaswi kutangulia barua. Katika ununuzi wa nyumba Kenya, barua ya mnunuzi, ambayo wengi huiita barua ya ofa, hutaja nyumba na namba ya hati miliki, bei anayotoa, jinsi atakavyolipa, na mambo yanayotakiwa kutimia kabla hajafungwa na ununuzi. Baada ya hapo ndipo mawakili wa pande mbili huandaa mkataba wa mauzo, na kwa kawaida arubuni ya asilimia 10 hulipwa siku ya kuusaini. Mkataba ukisainiwa, masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili cha Kenya huweka siku 90 za kukamilisha, isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine.

Barua yenyewe si karatasi ya mzaha. Kwa Sheria ya Mikataba ya Kenya, mkataba wa ardhi hauwezi kudaiwa mahakamani mpaka uwe wa maandishi, umesainiwa na pande zote na saini zimeshuhudiwa. Barua iliyotimiza hayo yote, ikiwa na bei na maelezo ya nyumba, inaweza kugeuka mkataba bila mwandishi wake kukusudia. Ndiyo maana mawakili huanza kwa kuandika kwamba ombi hili halimfungi yeyote hadi mkataba rasmi wa mauzo utakaposainiwa. Lakini mstari huo unamwacha huru muuzaji pia, kwa hiyo mnunuzi anayetaka kulipia wahandisi na wathamini aombe jambo moja limfunge muuzaji: asiipeleke nyumba kwa mtu mwingine kwa siku zilizotajwa.

Chukua mfano wa mwalimu na mumewe wanaotaka nyumba ya vyumba vitatu Bamburi, kwa shilingi 9,500,000. Wana akiba ya shilingi 3,000,000. Benki yao imewapa karatasi inayosema wanaweza kukopeshwa asilimia 80, yaani shilingi 7,600,000. Wangebaki na 1,900,000 za kuongeza, na ushuru wa stempu wa asilimia 4 unaotozwa mijini, yaani shilingi 380,000, kisha mawakili na ada za benki. Kwenye daftari hesabu inakaa sawa.

Tatizo ni ile karatasi ya benki. Hiyo ya mwanzo hueleza tu kwamba kipato chao kinatosha. Nyumba yenyewe benki haijaiona. Benki itamtuma mthamini, na itakopesha asilimia 80 ya kiasi kilicho kidogo kati ya bei na thamani aliyoiandika. Mthamini akisema nyumba ina thamani ya shilingi 8,600,000, mkopo unashuka hadi 6,880,000. Pengo la shilingi 720,000 limezaliwa, na muuzaji bado anataka bei yake.

Mtu aliyeandika tu kwamba atanunua "akipata mkopo" amejiweka pabaya. Je, shilingi 6,880,000 si mkopo? Muuzaji atasema ni mkopo, na amepata. Sharti lenye nguvu hutaja kiasi, siku, na kinachotokea kwa fedha. Kwa wanandoa hawa lingesomeka hivi:

"Ununuzi huu unategemea mnunuzi kupata kutoka benki, ndani ya siku 30 tangu muuzaji atie saini barua hii, barua rasmi ya kukubaliwa mkopo usiopungua shilingi 7,600,000. Mnunuzi atawasilisha maombi kamili ya mkopo ndani ya siku 7. Benki ikikataa, au ikikubali kiasi pungufu, mnunuzi anaweza kujiondoa kwa notisi ya maandishi yenye nakala ya jibu la benki, na fedha yote aliyoweka itarudishwa bila makato ndani ya siku 7."

Hizo siku 7 za kupeleka maombi zimewekwa kwa faida ya muuzaji, na ni haki yake. Wauzaji huogopa mnunuzi anayekaa na sharti la mkopo mfukoni huku akitembelea nyumba nyingine. Anayejifunga kuomba mapema na kuonyesha jibu la benki huaminika zaidi, hata kama bei yake ni ndogo kidogo kuliko ya jirani anayesema ana fedha taslimu ambazo hakuna aliyeziona.

Barua iseme pia jinsi fedha ya benki itakavyofika, kwani hapa wauzaji wengi hushtuka baadaye. Benki hailipi halafu ikasubiri hati. Wakili wake humwandikia wakili wa muuzaji ahadi ya kitaaluma kwamba salio litalipwa, mara nyingi ndani ya siku 14, baada ya nyumba kuhamishiwa jina la mnunuzi na rehani ya benki kusajiliwa. Maana yake muuzaji anatoa nyaraka zake kabla hajaona shilingi ya salio. Asiyeelezwa hayo mwanzoni hugoma katikati, wakati siku zinakwenda.

Nyumba bila ardhi

Mombasa ina desturi ambayo mgeni kutoka bara huenda asiijue: mtu anaweza kumiliki nyumba iliyojengwa juu ya ardhi ya mwingine, akilipa kodi ya uwanja. Nyumba hizo huuzwa kila siku na watu wanaishi ndani yake kwa amani. Lakini muuzaji hana hati ya ardhi ya kuweka rehani, kwa hiyo mkopo wa kawaida wa nyumba unaanguka hapo hapo. Upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi utangulie gharama nyingine zote. Huo huonyesha mwenye jina, rehani zilizopo na mazuio yaliyowekwa. Muuzaji akiwa ameoa au ameolewa, na nyumba ni ya familia, ridhaa ya maandishi ya mwenzi wake ihitajike ndani ya barua.

Mthamini si mhandisi

Kosa linalogharimu sana ni kudhani kwamba benki imekwisha kukagua nyumba. Mthamini huangalia nyumba kwa jicho la soko: ukubwa, mtaa, hali yake kwa jumla, na bei za nyumba zinazofanana nayo. Hagongi nguzo. Kazi hiyo ni ya mhandisi wa ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na anayemlipa ni mnunuzi mwenyewe. Mhandisi aliyeletwa na dalali anakula na dalali.

Pwani mhandisi ana adui mmoja wa kumtafuta kabla ya wote: chumvi. Huingia kwenye zege kwa hewa ya bahari, na wakati mwingine ilikuwamo tangu siku ya kujenga, fundi alipochanganya saruji kwa mchanga wa ufukweni au maji ya kisima cha chumvi. Ikifika kwenye nondo, chuma kinaota kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo husukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke na kubanduka. Dalili zake zinajulikana: ufa ulionyooka unaofuata mstari wa nondo chini ya boriti, alama za kahawia zinazochuruzika, na mlio wa uwazi zege linapogongwa kwa nyundo. Sehemu za kuanzia ni chini ya baraza ya juu, kingo za dari, na mahali tangi la maji lilipokaa. Rangi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu cha boriti ni ya kutiliwa shaka. Hakuna mtu anayepaka rangi kiraka bila sababu.

Baada ya hapo mhandisi aangalie shimo la maji taka na umbali wake kutoka kisimani, nyaya za umeme, na paa. Aangalie pia kama kilichojengwa kinalingana na ramani iliyoidhinishwa na kaunti. Chumba kilichoongezwa nyuma bila kibali ni mzigo anaourithi mnunuzi.

Sharti la ukaguzi lisiseme tu kwamba ripoti iwe "ya kuridhisha". Neno hilo litawapeleka kwa mawakili wakibishana nani aridhike. Liwe na kipimo cha fedha:

"Mhandisi aliyesajiliwa atakagua nyumba ndani ya siku 14. Ripoti yake ikionyesha kasoro za muundo, paa, umeme, maji au maji taka ambazo kwa makadirio yake zitagharimu zaidi ya shilingi 300,000 kuzitengeneza, mnunuzi ana siku 5 za kuomba bei ipunguzwe au kujiondoa. Wasipoafikiana ndani ya siku 7 zinazofuata, ombi hili linakoma na fedha yote inarudishwa."

Turudi Bamburi. Mhandisi wa wale wanandoa anakuta boriti mbili za baraza na ukingo wa dari vimeliwa, na anakadiria shilingi 640,000. Kiwango cha 300,000 kimevukwa, kwa hiyo wana haki ya kuzungumza. Muuzaji anajitolea kutengeneza mwenyewe kabla ya kukabidhi. Hilo ni la kukataa kwa upole. Kutengeneza vizuri ni kung'oa zege bovu mpaka nyuma ya nondo, kusafisha au kubadilisha chuma, kisha kujaza upya. Anayeuza ana kila sababu ya kupaka plasta na rangi tu, na baada ya hapo hata mhandisi hataona kitu kwa muda.

Wanaomba bei ishuke, na wanakubaliana shilingi 8,800,000. Inaonekana wamefidiwa matengenezo na ziada. Lakini mthamini aliandika ile thamani ya shilingi 8,600,000, na benki imebaki kwenye shilingi 6,880,000, hivyo wanatakiwa kuongeza 1,920,000, karibu sawa na mpango wao wa mwanzo. Punguzo lote limemezwa na pengo la mkopo. Shilingi 640,000 za boriti zitatoka kwenye ile akiba ya 3,000,000, ambayo baada ya kuongeza fedha ya nyumba na kulipa ushuru wa stempu, sasa shilingi 352,000 kwa bei mpya, imebaki 728,000. Mawakili na ada za benki bado hawajalipwa. Ama waombe punguzo zaidi, ama waondoke wakiwa bado na siku mkononi.

Wakiamua kuondoka, simu kwa dalali haitoshi. Notisi iandikwe, itaje sharti lililoshindikana, iambatane na jibu la benki au ripoti ya mhandisi, na ipelekwe kwa wakili wa muuzaji kabla ya siku ya mwisho, huku nakala ikipigwa muhuri wa kupokelewa. Ikiwa kuna fedha yoyote iliyotangulia, iwe imekaa katika akaunti ya wateja ya wakili huyo, kwa maandishi kwamba anaishika kwa niaba ya pande zote mbili na hataitoa kwa muuzaji mpaka mkataba usainiwe. Iliyopita mkononi mwa dalali hairudishwi kwa notisi.