Bajaji iliyokatwa na mshono wa panorama

Swali: Nimeunganisha fremu tano za barabara ya Mbagala Rangi Tatu, Temeke. Bajaji iliyokuwa ikipita imekatika pale fremu ya 3 na ya 4 zinapokutana. Niifuteje?

Jibu: Usiifute kwenye picha iliyokwisha kuunganishwa. Pale kwenye mshono, brashi ya kunakili huchota lami ya fremu mbili zenye mwanga tofauti, na kiraka huonekana. Rudi kwenye fremu zenyewe. Bajaji ilikuwa ikitembea, kwa hiyo lami iliyozibwa kwenye fremu ya 3 huenda iko wazi kwenye ya 4. Katika Hugin, fungua `Masks`, chagua `Exclude region`, chora kuizunguka bajaji pamoja na kivuli chake kwenye kila fremu inamoonekana, kisha unganisha upya.

Utauliza, kuiziba kwenye fremu zote hakutaacha tundu? Litabaki pale tu maeneo uliyoziba yanapoangukiana, au fremu ya jirani isipofika. Hapo ndipo brashi ina kazi. Bajaji iliyoegeshwa ni suala jingine: hakuna fremu iliyoiona lami iliyo chini yake. Kwa vinavyotembea, safari ijayo piga kila fremu mara mbili, ya pili baada ya vyombo vya barabarani kusogea.