Lithiamu, Chumvi na Futari: Kijitabu kwa Wagonjwa wa Baipola, Jamaa Zao na Wahudumu wa Afya Unguja

Kisa kilichomo humu tumekiunda kutokana na mambo yanayojulikana katika tiba. Si cha mtu fulani.

Mama mmoja wa Mji Mkongwe, miaka 46, ana ugonjwa wa baipola. Kwa miaka minne alikuwa akimeza lithiamu miligramu 800 kila usiku, akaishi vizuri: hakukesha siku tatu mfululizo tena, wala hakuuza dhahabu zake usiku wa manane tena. Kipimo chake cha damu kilikuwa 0.7. Siku ya tisa ya Ramadhani, mwanawe akaona kikombe cha uji kinamtetemeka mkononi hata uji ukamwagika. Kesho yake alikuwa anaharisha, maneno yanaburuzika, na akipanda ngazi anashika ukuta kama mlevi. Nyumbani wakasema ugonjwa umerudi. Jirani akasema ni shetani. Ilikuwa dawa.

Figo haitofautishi

Ini haliivunji lithiamu. Inaingia mwilini na inatoka vilevile, karibu yote kwa mkojo. Kwa kemia lithiamu ni ndugu wa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya chakula, na figo haiwezi kuwatofautisha vizuri. Mwili ukipungukiwa na maji na chumvi, figo huirudisha sodiamu ndani isipotee, na lithiamu hurudi nayo. Mgonjwa hajazidisha hata kidonge kimoja, lakini kiwango kwenye damu kinapanda.

Ndani ya ubongo kazi yake ni nyingine. Seli ya neva ikipokea ujumbe hutumia kemikali iitwayo inositoli, kisha huitengeneza upya kwa ujumbe unaofuata. Lithiamu hukizuia kimeng'enya cha kuitengeneza upya. Uzuri wake ni kwamba seli inayopiga kelele sana ndiyo inayobanwa zaidi, na iliyotulia huguswa kidogo. Hukizuia pia kimeng'enya cha GSK-3, ambacho kinahusika na uhai wa seli za neva. Hayo hayaelezi kila kitu. Daktari John Cade wa Australia alipochapisha matokeo yake ya kwanza kuhusu wagonjwa wa mania mwaka 1949, hakuna aliyejua dawa inafanyaje kazi, na hadi leo jibu halijakamilika.

Kipimo, na saa yake

Nafasi kati ya dawa na sumu ni finyu. Kwa mgonjwa aliyetulia tunataka 0.6 hadi 0.8 milimoli kwa lita. Mania ikipanda, daktari anaweza kukubali hadi 1.0. Ukivuka 1.5 sumu inatarajiwa, na juu ya 2.0 ni hatari kubwa. Namba hizi zina maana tu ikiwa damu imetolewa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho. Anayemeza saa 3 usiku apimwe saa 3 asubuhi. Aliyekuja saa 1 asubuhi ataonekana na kiwango cha juu kuliko alichonacho kweli, na dawa yake itapunguzwa bure.

Kuna mtego mwingine maabara, na hata wazoefu hunaswa. Baadhi ya chupa za damu, aghalabu za kifuniko cha kijani, zina heparini iliyochanganywa na lithiamu ili damu isigande. Damu ikitiwa humo, mashine inaihesabu lithiamu ya chupa pia. Mtu mzima kabisa anaweza kuonekana ana sumu. Tumia chupa isiyo na kizuia kuganda.

Baada ya kuanza au kubadili dozi, subiri siku tano hadi saba kabla ya kupima. Kiwango kikishatulia, pima kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza. Figo, tezi ya thairoidi na kalsiamu zipimwe kabla ya kuanza, kisha kila miezi sita, kwa kuwa lithiamu ya muda mrefu huweza kuilegeza thairoidi na kuichosha figo.

Nini kilimpata

Mama alipofikishwa hospitali, mwanawe alimwaga mkoba wa dawa juu ya meza, na jibu likaonekana. Mwezi wa Shaabani alipimwa presha akaandikiwa hidroklorothiazaidi, dawa ya kukojoza inayotoa chumvi mwilini. Peke yake huweza kukipandisha kiwango cha lithiamu kwa robo au zaidi. Ramadhani ilipoanza goti likamuuma, akanunua diklofenaki duka la dawa, akameza mara mbili kila usiku. Diklofenaki, kama brufeni, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Juu yake pana jua la Unguja na takriban saa 13 bila maji. Kiwango kilipopanda, sumu yenyewe ikaleta kuharisha, na kuharisha kukamaliza maji yaliyobaki.

Kipimo kilisoma 2.1. Kreatinini, inayoonyesha kazi ya figo, ilikuwa 168, na zamani ilikuwa 74. Lithiamu na zile dawa mbili zikasimamishwa, akatundikiwa maji ya chumvi kwenye mshipa. Mkaa wa dawa hakupewa, kwa kuwa lithiamu haishikwi nao. Sodiamu ya damu ilipimwa mara kwa mara: figo iliyozoea lithiamu huweza kumwaga maji matupu, na dripu ya chumvi ikaipandisha sodiamu kupita kiasi. Angepoteza fahamu au kupata degedege, angehitaji damu yake isafishwe kwa mashine, namba iwe yoyote.

Siku ya pili alikuwa na 1.4, ya tatu 0.8. Mwanawe aliona namba nzuri akauliza mbona mama bado anaburuza maneno. Lithiamu hutoka kwenye ubongo polepole kuliko kwenye damu, na mama alirudi katika hali yake siku mbili baadaye. Wengine wakichelewa kuletwa hubaki na kuyumba kwa maisha, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo imeharibika.

Kufunga, na dawa nyingine

Je, saumu peke yake ndiyo mkosaji? Huko Peshawar, Pakistani, wagonjwa waliokuwa wametulia walipimwa kabla, wakati na baada ya Ramadhani, na kiwango cha lithiamu hakikubadilika sana. Huko Casablanca, Moroko, katika wagonjwa 20 karibu nusu walipandwa na ugonjwa mwezi huo bila kiwango kushuka. Usingizi uliovurugika unashukiwa. Kwa hiyo mwenye figo nzima azungumze na kliniki yake, kwa mfano Kidongo Chekundu, mwezi wa Shaabani: kidonge kimoja baada ya futari, maji mengi hadi daku, usingizi ulindwe. Akiharisha au kutapika, afungue, asimamishe lithiamu na apimwe siku hiyohiyo. Kwa maumivu, parasetamoli.

Mwanawe aliuliza kwa nini asibadilishiwe dawa. Valproeti haitegemei figo, na mama wa umri ule ambaye hazai tena angeweza kuipata, ila ini lipimwe. Binti yake asipewe kama atapata ugonjwa huo: takriban mtoto mmoja kati ya kumi wanaokuwa tumboni wakati mama anaimeza huzaliwa na kilema kikubwa. Kabamazepini huharakisha ini kuvunja dawa nyingine, na kijiti cha uzazi wa mpango huweza kushindwa kazi. Lamotrijini husaidia zaidi upande wa huzuni, na dozi ikipandishwa haraka ngozi huweza kuchubuka vibaya. Lithiamu ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi wa kupunguza kujiua.

Figo za mama zilirudi sawa, presha ikatibiwa kwa amlodipini, na akaanza tena kwa miligramu 600. Wiki moja baadaye, saa 3 asubuhi, kipimo kilisoma 0.6.