Kadi za Maji Maji

SWALI: Nasoma historia Kidato cha Tatu. Sura ya Maji Maji nimeigeuza kuwa kadi za maswali na majibu, lakini nasahau. Nakosea wapi?

JIBU: Bila shaka kadi zako zimebeba mengi mno. Kadi inayosema "Eleza Vita vya Maji Maji" haina jibu moja, kwa hiyo huwezi kujua kama umepata au umekosa. Isome sura yote kwanza, kisha funga kitabu ndipo uandike kadi, kila moja na jibu moja.

Tarehe iulize pande zote mbili: "Vita vilianza mwaka gani?" 1905. Kadi nyingine: "Ni vita gani vilivyoanza Umatumbini mwaka 1905?" Ukiwa na ya kwanza tu, mtihani ukikutajia mwaka utakwama.

Maana ya neno iandike kwa maneno yako. "Maji yalikuwa nini?" Dawa ya Kinjikitile Ngwale, iliyoaminika kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji.

Hoja ndiyo ngumu, nayo ndiyo yenye alama nyingi. Kitabu kikisema dawa iliunganisha makabila, usiulize "Je, iliwaunganisha?", maana jibu la ndiyo halipimi kitu. Uliza: "Kwa nini watu wasio na mtawala mmoja waliweza kupigana pamoja?" Jibu: waliiamini dawa moja, na wengi walichukia kulimishwa pamba kwa nguvu.

Ukijibu kadi kwa kukumbuka mwonekano wake tu, badilisha maneno ya swali.