Viza Isiyojibiwa na Mawazo ya Usiku

Hamu ya nyumbani si ugonjwa, bali ni majonzi ya kawaida ya mtu aliyetengana na watu na mahali palipomlea, na mara nyingi huja kwa vipindi, hasa saa ambazo mikono haina kazi. Huanza kuathiri afya inapokutana na shaka kuhusu vibali, kwa kuwa mgeni hawezi tena kujibu swali la lini atakwenda nyumbani. Hayo ndiyo yanayomsumbua msomaji mmoja, mzaliwa wa Dunga, Kisumu, anayetunza wazee nchini Uingereza. Tarehe ya viza yake ya kazi imepita huku maombi ya kuongeza muda, aliyoyatuma mapema, yakiwa hayajajibiwa; nyanya yake anaugua; naye hufungua barua pepe kila mara hadi usiku wa manane, akiuliza kama kuna namna ya kuyatuliza mawazo.

Namna ipo, lakini huanza na sheria kabla ya kufika kwenye akili, maana sehemu ya hofu yake inaweza kuondolewa na ukweli. Kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 1971 humruhusu aliyeomba kabla ya viza kwisha kuendelea kuishi kihalali, kwa masharti yaleyale ya viza yake, hadi uamuzi utolewe. Kwa hiyo hofu ya kwamba amekuwa mkaazi haramu usiku ule viza ilipokwisha haina msingi. Hata hivyo ulinzi huo una mpaka wake mchungu: akisafiri kwenda Kenya kabla ya jibu, maombi huhesabiwa kuwa yameondolewa. Kwa familia ya Kiluo, kukosa mazishi ya nyanya bomani si jambo dogo, na hakuna zoezi la akili litakalolifanya kuwa dogo. Linalowezekana ni kuzungumza na jamaa sasa, wakati mgonjwa angali hai: nani atasimama kwa niaba yake ikibidi, atashiriki vipi kwa simu ya video, na atakwenda lini kuzuru boma vibali vikipatikana.

Yanayobaki baada ya hapo ni wasiwasi hasa, yaani mawazo ya "itakuwaje" yasiyo na hatua ya kuchukuliwa usiku huo. Mbinu inayofaa hapa ni kuutengea wasiwasi muda wake, mbinu ambayo mwanasaikolojia Mmarekani Thomas Borkovec na wenzake waliichunguza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1983: mtu huchagua nusu saa, wakati uleule na mahali palepale kila siku, mbali na kitanda. Tuseme msomaji huyu amechagua saa kumi na mbili jioni, mezani. Wazo la "wakikataa je?" likimjia mchana akiwa kazini, huliandika kwa maneno machache katika kijitabu na kuliahirisha, kisha hurudi kwenye kazi iliyo mkononi. Jioni hulisoma na kutafuta hatua, kwa mfano kumpigia mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa siku ya Jumatatu. Wazo la pili, "nyanya akifariki kabla ya jibu?", halina hatua zaidi ya yale waliyokubaliana na jamaa, hivyo huachwa lilivyo, hata akilia, na muda ukiisha kijitabu hufungwa. Katika majira ya baridi ya Uingereza, wakati huo Kisumu ni saa tatu usiku na watu bado wako macho, kwa hiyo simu ya nyumbani ifuate hapo hapo. Akingoja hadi saa nne usiku kwake, Dunga itakuwa saa saba na hakuna wa kupokea.

Barua pepe nayo ifunguliwe mara moja kwa siku, mchana, kwa sababu kila kuchungulia hutuliza kwa dakika chache tu, kisha huizoesha akili kuuona ukimya wa ofisi kuwa hatari. Kosa linalowapata wengi ni kulifukuza wazo badala ya kuliahirisha, na wazo linalofukuzwa hurudi kwa nguvu zaidi. Katika siku za mwanzo mawazo yataendelea kuja. Dalili ya kwamba mbinu inafanya kazi ni usingizi unaorudi, wala si kichwa kisicho na mawazo.

Usingizi ukikosekana kwa zaidi ya wiki mbili, chakula kikimshinda mtu au akianza kunywa pombe ili alale, amwone daktari wa familia. Kujiandikisha kwa daktari huyo nchini Uingereza ni bure na hakuhitaji kuonyesha viza. Mawazo ya kujiua hayangojei muda wa jioni wala miadi: msomaji apige 111 mara moja na kuchagua huduma ya afya ya akili, au 999 ikiwa maisha yamo hatarini.